Kapu Moja Hadi Ujerumani: Namna ya Kuandika Nauli, Siku na Forodha Kwenye Tangazo la Kazi ya Mikono

Kapu langu la kwanza kwenda Ujerumani lilirudi. Lilikuwa kapu la mkonge, limesukwa vizuri, na mnunuzi alikuwa amelipenda kweli. Kwenye tangazo nilikuwa nimeandika "Nauli yuro 18, hakuna gharama nyingine," kwa sababu kwa upande wangu hakukuwa na gharama nyingine. Mnunuzi akapokea karatasi ya kumtaka alipe kodi na ada kabla ya kukabidhiwa kifurushi. Akaniandikia: "Mbona uliniambia nimeshamaliza kulipa?" Hakwenda kulichukua. Kapu likakaa siku zake, likaanza safari ya kurudi, likanifikia baada ya wiki tisa, nami nikamrudishia pesa zote.

Nilichokosea ni sentensi moja ya tangazo. Tangu hapo kila tangazo langu la kuuza nje linajibu mambo matatu kabla mnunuzi hajauliza: atalipa jumla ya kiasi gani mpaka ashike kitu mkononi, atakishika lini, na nani analipa forodha. Nitaonyesha ninavyoyapata majibu hayo kwa kulifuata kapu lilelile: linauzwa yuro 60, lina uzito wa gramu 600, linakwenda Ujerumani. Bei za nauli na ada nitakazotaja ni za mfano; weka za kwako mahali pake. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Hatua ya kwanza: funga kwanza, andika baadaye

Watu wengi huandika tangazo, wakapata mteja, ndipo wakatafuta boksi. Hapo ndipo hasara inapoingia, kwa kuwa nauli haifuati kitu unachouza. Inafuata boksi.

Chukua kapu letu. Likisimama lina upana wa sentimita 36 na kimo cha 22. Ukiliweka kwenye boksi lenye nafasi kidogo ya kujaza karatasi pembeni, boksi linakuwa 40 kwa 40 kwa 25. Kwenye mizani, kapu na boksi vyote pamoja havifiki hata kilo moja. Lakini kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitozi uzito wa mizani peke yake. Zinapima pia nafasi ambayo boksi litachukua ndani ya ndege, zinaigeuza kuwa kilo, kisha zinatoza ule uzito ulio mkubwa kati ya miwili. Kanuni inayotumika sana, vipimo vikiwa kwa sentimita, ni hii:

```
urefu x upana x kimo / 5000 = kilo za ujazo
40 x 40 x 25 / 5000 = 8
```

Kapu la gramu 600 linalipiwa kama mzigo wa kilo 8. Mtu asiyejua hili anaandika nauli ya kilo moja kwenye tangazo, halafu kaunta inamwambia alipe ya nane, na tofauti inatoka mfukoni mwake.

Mkonge unakunjika, na hilo linabadilisha kila kitu. Nililikandamiza kapu kutoka mdomoni kwenda chini, ukuta wake ukajikunja taratibu juu ya kitako mpaka likawa kama sahani nene. Boksi likawa 40 kwa 40 kwa 9. Hesabu ile ile sasa inatoa 2.88, yaani kilo 3 ukikadiria kwenda juu, kama kampuni zinavyofanya.

Kuna faida ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Posta za dunia zina daraja la kifurushi kidogo: uzito usizidi kilo 2, upande mrefu usizidi sentimita 60, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90. Boksi la kwanza lina jumla ya 105, haliingii. La pili lina 89, linaingia. Katika daraja hili nauli hufuata uzito wa mizani, siyo ujazo. Kapu na vifungashio vyake ni gramu 850. Ndiyo maana naweza kuandika yuro 18 nisidanganye.

Angalia lakini hiyo sentimita moja iliyobaki. Siku moja nilibeba boksi nililolipima likiwa tupu, 40, 40 na 9. Kapu lilipokuwa ndani lilisukuma kifuniko juu, katikati pakatuna. Karani aliweka rula kwenye ule uvimbe, siyo pembeni, akapata 11. Kifurushi kikahesabiwa cha daraja la juu, na nauli ikapanda pale pale mteja akiwa ameshalipa. Kwa hiyo pima boksi likiwa limejaa, limefungwa kwa gundi ya karatasi, na upime mahali palipovimba zaidi. Likivuka, funga tena.

Kabla ya kuahidi kwamba kitu kinasafiri kikiwa kimekunjwa, kijaribu nyumbani. Mimi niliacha kapu chini ya vitabu vizito wiki mbili, sawa na muda wa safari, kisha nikalifungua. Lilibaki na mkunjo hafifu ambao uliondoka baada ya kulinyunyizia maji kidogo, kulijaza karatasi na kuliacha usiku kucha. Maelezo hayo hayo nayaweka kwenye tangazo na kwenye kikaratasi ndani ya boksi. Mkonge laini unakubali jaribio hili. Kapu la fito au la mianzi halikubali, litavunjika. Hilo lipelekwe limesimama, na nauli yake isemwe ilivyo.

Hatua ya pili: nauli iwe namba, siyo "tuwasiliane"

"Nauli tutaelewana" inamfukuza mnunuzi wa mbali. Hakujui, hana wa kumuuliza habari zako, na kila swali analolazimika kukuuliza linampa nafasi ya kughairi. Mpe namba.

Ukiwa na boksi lililofungwa, pata bei mbili: ya posta yenye namba ya ufuatiliaji, na ya kampuni ya vifurushi ya haraka. Ziulize kwa nchi moja moja, kwa sababu hakuna nauli ya "nje". Anza na nchi mbili au tatu ambazo una hakika nazo, na zitaje kwa majina. Tangazo linalosema "Ninatuma Ujerumani na Ufaransa" linaaminika kuliko linalosema "Ninatuma dunia nzima", kwa kuwa la kwanza linaonyesha umeuliza.

Nauli ya bure sijawahi kuipenda. Ukiificha ndani ya bei, kapu la yuro 60 linaonekana la 78, na anayenunua mawili anakulipa nauli mara mbili wakati makapu mawili, moja likiwa ndani ya jingine, huongeza unene kidogo tu. Mimi natenganisha: bei ya kapu mstari wake, nauli mstari wake, kisha nauli ya kapu la pili. Mnunuzi akiona kapu la pili linaongeza yuro 6 peke yake, mara nyingi anachukua mawili. Ila lazima uwe umefunga makapu mawili kweli na kuyapima, maana unene ukiongezeka lile boksi la 89 linavuka 90. Mimi kwa mawili natumia boksi jembamba zaidi, 37 kwa 37 kwa 14, jumla 88.

Hatua ya tatu: siku za kazi na siku za njiani ziachane

Mnunuzi akisoma "siku 14" anaanza kuhesabu tangu dakika aliyolipa. Wewe ulimaanisha tangu ulipokipeleka posta. Ugomvi mwingi wa kuchelewa unaanzia hapo, wala siyo njiani.

Kwa hiyo gawa. Muda wa kwanza ni wa kwako: kapu lililo tayari nalitoa ndani ya siku 3, kapu la kuagiza linanichukua siku 12 kwa sababu linasukwa kuanzia mwanzo. Muda wa pili ni wa safari, ambao huuamui wewe, lakini unaweza kuujua. Nina daftari ambamo kila kifurushi kina tarehe tatu: nilipokikabidhi, kilipoonekana mara ya kwanza katika nchi ya mnunuzi, na alipokipokea. Vifurushi vyangu kumi vya Ujerumani vilitumia siku 11, 12, 12, 13, 14, 14, 15, 17, 19 na 26.

Wastani wake ni kama siku 15, na kishawishi ni kuandika "siku 15". Usiandike. Vitatu kati ya kumi vilichelewa kuliko hapo, na kila kimoja kingekuwa ahadi iliyovunjwa. Naandika "siku 12 hadi 19", kisha naongeza: "kimoja kati ya kumi kimewahi kuchukua siku 26." Nilidhani sentensi hiyo itawatisha watu. Ilipunguza sana ujumbe wa "kiko wapi?", kwani mtu aliyefika siku ya 21 tayari anajua kwamba hilo hutokea.

Andika wazi pia kama unahesabu siku zote au siku za kazi tu. Siku 19 za kazi ni karibu wiki nne, na ukinyamaza kila mtu ataelewa anavyotaka. Mimi nahesabu siku zote, Jumapili ikiwemo, maana ndivyo watu wanavyohesabu wanapongoja kitu.

Kama hujawahi kutuma nchi hiyo, usiazime namba ya mtu. Chukua makadirio ya posta yako na useme kwamba ni makadirio ya posta.

Kwa mnunuzi mwenye siku maalumu, mpe tarehe. Anayetaka kapu la Krismasi anataka kujua siku ya mwisho ya kuagiza, na hesabu yake inaanza na kifurushi kilichochelewa kuliko vyote: siku 26 za njiani na 3 za kwangu ni 29. Ukirudi nyuma kutoka 24 Desemba unafika 25 Novemba. Msimu ule vifurushi hujazana, kwa hiyo natoa wiki nyingine na kuandika: "Kwa Krismasi, agiza kabla ya 18 Novemba."

Kuna jambo moja la ufuatiliaji ambalo ni bora ulieleze mapema. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Mnunuzi ataingiza namba hiyo, ataona kifurushi kimeondoka nchini kwako, kisha kimya. Kimya hicho kinaweza kuendelea wiki nzima na zaidi, kwani hakuna anayekisoma kifurushi mpaka kifike kwenye kituo cha kupokelea upande wa pili. Asiyeambiwa hudhani kimepotea.

Hatua ya nne: forodha, kwa maneno ya mtu wa kawaida

Hapa ndipo kapu langu la kwanza lilipokwama, nami nitakaa hapa kidogo.

Kinachoingia nchini kutoka nje kinaweza kutozwa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni ushuru wa forodha, ambao kiwango chake hutegemea aina ya bidhaa na inakotoka. Cha pili ni kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ile ile ambayo mnunuzi huilipa akinunua dukani kwao. Cha tatu siyo kodi: ni ada ya anayeleta kifurushi, kwa kazi ya kumlipia mnunuzi kodi hizo na kuzikusanya mlangoni. Hiki cha tatu ndicho kinachowaudhi watu zaidi, kwa kuwa hata aliyejua habari za kodi mara nyingi hakijui.

Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tarehe 1 Julai 2021. Zamani kitu cha chini ya yuro 22 kiliingia bila VAT. Siku hizi hata cha yuro 10 kinatozwa. Ushuru wa forodha wenyewe uliendelea kusamehewa kwa bidhaa zisizozidi yuro 150, lakini Novemba 2025 mawaziri wa fedha wa nchi wanachama walikubaliana kuuondoa msamaha huo pia. Tangazo la zamani linalosema "chini ya yuro 150 hakuna ushuru" lifutwe.

Sasa kapu letu. VAT ya Ujerumani ni asilimia 19, na haikatwi kwenye bei ya kapu peke yake. Inakatwa kwenye bei, nauli na ushuru vikiwa pamoja. Tuseme ushuru ni yuro 3 na ada ya mleta kifurushi ni yuro 7:

```
kapu                        60.00
nauli                       18.00
ushuru (mfano)               3.00
VAT 19% ya 81.00            15.39
ada ya mleta (mfano)         7.00
jumla                      103.39
```

Mnunuzi aliyeona 78 kwenye tangazo anafika 103. Ukimwonyesha hesabu hii mapema, anaamua kwa macho yake. Wengine wataacha, na ni afadhali waache kabla ya kulipa kuliko kifurushi kiachwe posta kwao.

Usiandike 103.39 kwenye tangazo, maana senti zinafanana na ahadi, na viwango hivyo havimo mikononi mwako. Andika "takriban yuro 25 za kodi na ada, utazilipa wewe unapopokea". Sema zinakwenda kwa nani, kwa kuwa mnunuzi anaweza kudhani muuzaji anamwongezea bei kwa mlango wa nyuma.

Njia nyingine ni wewe kulipa kila kitu mapema. Kampuni za vifurushi zina huduma hiyo, na kwenye mfumo wao utatakiwa kuchagua kati ya `DAP`, ambapo mnunuzi hulipa kodi akipokea, na `DDP`, ambapo muuzaji anazibeba. Ukichagua ya pili unaweza kuandika "yuro kadhaa, kila kitu ndani", na hakuna sentensi inayouza kuliko hiyo. Kampuni hutoza ada kwa huduma hiyo, na kwa kapu la yuro 60 ada inaweza kumeza faida. Mimi naitumia kwa oda za vitu vitatu kwenda juu.

Ukiuza kupitia soko la mtandaoni kama Etsy, soko lenyewe hukusanya VAT ya Umoja wa Ulaya wakati mnunuzi analipa, kwa oda zisizozidi yuro 150, kisha hukupa namba ya `IOSS`, inayowaonyesha forodha kwamba VAT imeshalipwa. Namba hiyo lazima iingizwe kwenye taarifa za kielektroniki za kifurushi unapokituma. Ukiiandika kwa kalamu tu juu ya boksi, forodha wanaweza wasiione kabisa, na mnunuzi atatozwa VAT mara ya pili. Dalili yake ni ujumbe wenye hasira kutoka kwa mtu aliyekwisha kulipa kodi. Hapo mtumie risiti ya oda inayoonyesha VAT, adai kurudishiwa.

Kuhusu nchi nyingine, haya machache yanatosha kukuzuia usikopi tangazo la Ujerumani. Marekani ilisitisha msamaha wake wa vifurushi visivyozidi dola 800 kuanzia 29 Agosti 2025 kwa nchi zote, na wakati ule posta nyingi duniani zilisimamisha kupokea vifurushi vya bidhaa kwenda huko mpaka zikajipanga. Uliza posta yako leo, usitegemee jibu la mwaka jana. Uingereza, kwa bidhaa zisizozidi pauni 135, inamtaka muuzaji wa nje anayemuuzia mtu moja kwa moja ajisajili na kukusanya VAT mwenyewe. Kwa muuzaji mdogo ni rahisi zaidi kuuzia huko kupitia soko linalofanya kazi hiyo. Australia wanakagua sana vitu vya mimea. Kapu lenye mbegu za mapambo au ganda la mti linaweza kuzuiwa, kutibiwa kwa gharama ya mnunuzi au kuteketezwa, kwa hiyo mapambo ya mbegu siyaweki kabisa kwenye makapu ya huko.

Tena kuna sharti la Umoja wa Ulaya ambalo wauzaji wa kazi za mikono wengi hawalijui. Tangu 13 Desemba 2024 bidhaa nyingi za matumizi ya kawaida zinazouzwa huko lazima ziwe na mtu au kampuni iliyo ndani ya Umoja inayowajibika kwa usalama wake, na jina na anwani yake vionekane kwenye tangazo. Kama huna, tafuta kwanza mwakilishi au mnunuzi wa jumla aliye huko, ndipo uitaje Ujerumani.

Hatua ya tano: fomu na tangazo viseme kitu kimoja

Kapu la thamani hii kwenye kifurushi kidogo hutumia fomu ya forodha ya posta iitwayo `CN22`. Cha thamani kubwa hutumia `CN23`. Posta nyingi sasa hujaza kwa kompyuta, kwa kuwa taarifa hutangulia kifurushi.

Neno "zawadi" ndilo mtego wa kwanza. Wanunuzi wengine watakuomba uliandike ili wasilipe kodi. Msamaha wa zawadi katika Umoja wa Ulaya, wa hadi yuro 45, ni kwa kitu kilichotumwa na mtu binafsi kwa mtu binafsi bila malipo. Kapu lililolipiwa siyo zawadi. Kuandika yuro 10 badala ya 60 nako hakuna nafuu: kikipotea, bima hulipa kwa thamani uliyoandika, na forodha wakimwita mnunuzi alete uthibitisho wa malipo, uongo unaonekana kwenye simu yake. Mimi hujibu: "Samahani, lazima niandike bei uliyolipa," na kwenye tangazo nimelisema mapema, hivyo siulizwi sana.

Mtego wa pili ni maelezo ya jumla mno. "Kazi ya mikono" haimwambii ofisa chochote, na asichokielewa anakiweka pembeni. Taja kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, ni cha kazi gani: kapu la kusuka la mkonge, la nyumbani. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, au lugha inayokubalika inakokwenda. Weka na namba ya bidhaa ya forodha. Tarakimu zake sita za mwanzo zinatumika karibu dunia nzima, na makapu ya kusuka ya mimea yako katika kundi `4602`. La mkonge kwa kawaida huwekwa `4602.19`, wakati la mianzi ni `4602.11`. Vinyago na mapambo ya mbao yako `4420`. Ndani ya boksi ninaweka nakala ya ankara yenye bei ile ile ya fomu.

Tangazo lenyewe

Haya ndiyo ninayoyaweka chini ya picha, baada ya maelezo ya kapu. Nayaandika kwa sentensi fupi kwanza, kisha nayatia katika lugha ya mnunuzi, maana sentensi fupi haipotezi maana inapovuka lugha.

> Kulipata Ujerumani. Kapu ni yuro 60. Nauli ya posta yenye namba ya ufuatiliaji ni yuro 18. Kapu la pili katika boksi lile lile linaongeza yuro 6.
>
> Siku. Ninalipeleka posta ndani ya siku 3 baada ya kulipa. Njiani huchukua siku 12 hadi 19, Jumapili zikiwemo. Kifurushi kimoja kati ya kumi kimewahi kuchukua siku 26. Kikishatoka kwetu, ufuatiliaji unaweza kunyamaza wiki moja au zaidi; hiyo ni kawaida. Kwa Krismasi, agiza kabla ya 18 Novemba.
>
> Forodha. Bei hii haina kodi ya Ujerumani. Utakapopokea, utaombwa VAT ya asilimia 19, ushuru, na ada ya mleta kifurushi. Kwa kapu moja kadiria takriban yuro 25, hivyo jumla yako ni kama yuro 103. Pesa hizo zinakwenda kwa serikali na kwa mleta kifurushi, siyo kwangu. Kwenye fomu naandika bei uliyolipa.
>
> Likifika. Kapu husafiri likiwa limekunjwa. Linyunyizie maji kidogo, lijaze karatasi, liache usiku mmoja.
>
> Usipolipa forodha kifurushi kitarudi kwangu. Nikikipokea nitakurudishia bei ya kapu bila nauli.

Mstari wa mwisho uliandikwa na lile kapu la kwanza. Nauli haikurudi kwangu, na kwa kuwa sikuwa nimesema lolote, nililazimika kuibeba. Nchi nyingi zina sheria za kumlinda mnunuzi, kwa hiyo soma za nchi uliyoitaja kabla ya kuliweka sharti lako.

Kagua namba hizo kila miezi mitatu, na kila posta inapobadilisha bei. Mimi naandika mwishoni mwa tangazo tarehe niliyozikagua, mnunuzi aione.

Kikichelewa

Siku ya 20 ikipita bila kifurushi kufika, usingoje mnunuzi akuandikie. Angalia namba. Kama inaonyesha kimefika nchini kwake na kinasubiri forodha, mara nyingi kinamngoja yeye: wametuma karatasi au ujumbe na hakuuona, au wanataka uthibitisho wa malipo. Mwambie atafute karatasi hiyo, mtumie ankara siku hiyo hiyo, mpe namba ya kifurushi awapigie mwenyewe, kwani wewe uliye mbali hawatakusikiliza kama mwenye kitu.

Kama namba imenyamaza tangu ilipoondoka kwenu, ngoja mpaka uvuke siku zako ndefu kuliko zote. Kwangu ni 26. Kisha nenda posta uliyotumia, siyo ya mnunuzi, ukiwa na risiti ya kutuma mkononi, ufungue ombi la kutafuta kifurushi. Ombi hilo kwa kawaida hufunguliwa na mtumaji, na muda wake ni miezi sita tangu siku ya kutuma. Risiti hizo ninazibandika kwenye daftari lile lile la tarehe, kila moja kando ya kifurushi chake.